Tumbo Likikataa: Je, Kinyaa Kinatosha Kuhukumu?

Mwenyeji wangu wa Bukoba aliweka mezani sahani ya senene waliokaangwa, rangi ya kahawia iliyoiva, miguu na mbawa zimeshanyofolewa. Kwao hicho ni kitoweo cha heshima. Msimu ukifika, watu hukesha kwenye mwanga wa taa wakiwakamata. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilinyoosha mkono hadi kwenye ukingo wa sahani, ukakwama pale pale. Koo lilijifunga kabla sijawaza lolote.

Mwaka uliofuata alikuja kwetu, nami nikampeleka jioni kula pweza. Alipouona mkono wa pweza ukikatwa vipande juu ya ubao, na vile vikombe vyake vya kunyonyea vimejipanga safu, aligeuza uso.

"Ndugu yangu, hicho hapana."

"Kina nini?"

"Hakina kitu. Hapana tu."

Tulicheka, akanywa chai, nami nikala pweza wangu. Hakuna aliyemwita mwenzake mwovu. Lakini lile jibu lake nimelibeba hadi leo, kwa sababu wengi wetu hulitumia pia tunapohukumu mienendo ya watu. Tukiulizwa kosa liko wapi, tunatafuta, hatulipati, na bado tunasema: hapana tu. Lugha yetu yenyewe imeviunganisha vitu hivi viwili. Mtu ana roho chafu, fedha za wizi ni fedha chafu, aliyeshtakiwa jina lake limechafuka. Ni kana kwamba dhambi ina harufu na pua ndiyo inayoitambua.

Je, pua hiyo inaaminika? Kwa zaidi ya miaka 20 wanasaikolojia wa maadili wamebishana juu ya swali hili. Waliyoyapata yanamhusu kila anayekaa kwenye kikao cha ukoo, kamati ya nidhamu ya shule au kiti cha uhakimu.

Wanafunzi walioishiwa sababu

Kwa muda mrefu wanasaikolojia waliamini kwamba mtu hupima sababu kwanza, kisha huamua. Lawrence Kohlberg, Mmarekani aliyetawala fani hii tangu miaka ya 1960, alikuwa akiwasimulia watu kisa cha mume aitwaye Heinz ambaye mkewe yu mahututi. Dawa ipo, lakini mwenye dawa anataka fedha ambazo Heinz hana. Je, aibe? Kohlberg alisikiliza hoja ambazo mtu anatoa na kupima ukomavu wake kwa hoja hizo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Jonathan Haidt na wenzake katika Chuo Kikuu cha Virginia walichukua kisa hicho, wakaongeza vingine vya namna tofauti. Kimojawapo kilikuja kujulikana dunia nzima. Julie na Mark ni kaka na dada, wote wanafunzi wa chuo, wako likizo Ufaransa. Usiku mmoja, katika kibanda karibu na ufukwe, wanaamua kulala pamoja. Julie tayari anameza vidonge vya uzazi wa mpango, na Mark anatumia kondomu. Wote wamefurahia, lakini wanakubaliana wasirudie. Wanaifanya siri, na siri hiyo inazidi kuwaunganisha. Je, walifanya kosa?

Wengi walijibu ndiyo papo hapo. Mhoji aliwauliza kwa nini. Mmoja angesema mtoto atazaliwa na kasoro. Mhoji anamkumbusha kwamba walitumia kinga mbili. Basi wataumia moyoni. Kisa kinasema hawakuumia. Basi jamii itachukizwa. Hakuna aliyejua. Hapo mwanafunzi ananyamaza, anacheka kwa aibu, anajikuna kichwa, na mwishowe anakiri kwamba hawezi kueleza ila anajua tu kuwa ni vibaya. Kwenye kisa cha Heinz watu wale wale walitoa hoja na kuzitetea bila taabu. Kwenye kisa cha ndugu wawili walishika hukumu hata baada ya kila sababu kuwaponyoka.

Mwaka 2001 Haidt aliandika makala iliyotikisa fani nzima. Alimfananisha binadamu na mbwa: hisia ndiye mbwa mwenyewe, na hoja ni mkia. Tunaona mkia ukitikisika tukadhani ndio unaomwendesha mbwa. Kwa maelezo yake, hukumu hufika kwanza, nzima, mara moja, kama vile ulimi unavyotambua chumvi. Akili huitwa baadaye, na kazi yake si ya hakimu. Ni ya wakili ambaye mteja wake keshampa jibu na sasa anamtaka alitetee.

Dan na neno lililotegwa

Ikiwa hisia ndiyo inayohukumu, basi hisia iliyopandikizwa kutoka nje ingeweza kupotosha hukumu. Thalia Wheatley na Haidt walilijaribu hilo katika utafiti waliouchapisha mwaka 2005. Walitafuta wanafunzi wanaoingia kwa urahisi katika usingizi wa kiini macho. Wakiwa katika hali hiyo, waliambiwa kwamba wakikutana na neno fulani la kawaida watapatwa na kichefuchefu cha ghafla tumboni, kisha wasahau kwamba waliambiwa hivyo. Kwa baadhi, neno lenyewe lilikuwa la Kiingereza lenye maana ya "mara kwa mara". Kwa wengine lilikuwa lile la "kuchukua".

Baadaye walisoma visa vifupi: mbunge anayepokea rushwa, mwanafunzi anayeiba vitabu vya maktaba, mtu anayekula mbwa wake aliyekufa. Kila kisa kiliandikwa kwa namna mbili, moja ikiwa na neno lililotegwa na nyingine bila hilo neno. Waliokutana na neno lao walihukumu kwa ukali zaidi.

Kisha kikaja kisa cha Dan. Dan ni mwakilishi wa wanafunzi anayepanga mada za mijadala kati ya walimu na wanafunzi, na hujitahidi kuchagua zile zitakazozivutia pande zote mbili. Hakuna zaidi. Watafiti walikiweka wakijua kwamba hakina kosa lolote, wakitarajia hapo akili itasema hakuna cha kulaumu. Lakini Haidt anasimulia kwamba karibu theluthi ya waliokutana na neno lao kwenye kisa hicho walimlaumu Dan. Walipotakiwa kuandika sababu, mmoja alimshuku kwamba anatafuta umaarufu, mwingine akahisi ana jambo analolificha.

Hapa ndipo ninapomtaka msomaji asimame kidogo. Watu hawa hawakuwa wakidanganya. Kichefuchefu chao kilikuwa cha kweli, tumbo lilijikunja kweli. Kilichokuwa cha uongo ni chanzo. Waliwekewa hisia bila kujua, wakaitafutia mwenyewe, na Dan ndiye aliyekuwa karibu.

Utafiti wenyewe ulipopimwa

Baada ya hapo zilifuata tafiti nyingi za kusisimua. Watu walihojiwa karibu na harufu mbaya, au kwenye meza chafu, au baada ya kunywa kitu kichungu, na ikatangazwa kwamba karaha hizo huwafanya wawe wakali kwa makosa ya wengine. Magazeti yalizipenda sana habari hizo. Tatizo ni kwamba nyingi zilitegemea watu wachache. Utafiti wa kinywaji kichungu wa mwaka 2011, kwa mfano, ulikuwa na watu 57.

Mwaka 2015 Justin Landy na Geoffrey Goodwin walikusanya majaribio takriban 50 ya namna hiyo, yaliyochapishwa na ambayo hayakuchapishwa, wakayapima kwa pamoja. Athari waliyoiona ilikuwa ndogo mno. Walipozingatia kwamba majaribio yasiyopata kitu huwa hayachapishwi, hata hiyo ndogo ikawa ya kutiliwa shaka. Mwaka 2020 jaribio la kinywaji kichungu lilirudiwa katika vituo 11, kwa watu zaidi ya 1,100, na matokeo ya awali hayakuonekana tena.

Kwa hiyo asije mtu akakwambia kwamba hakimu aliyepita karibu na jalala atamfunga mshtakiwa miaka zaidi. Ushahidi hauliungi mkono hilo. Karaha iliyotoka pembeni, isiyohusiana na jambo lenyewe, haina nguvu tuliyodhani. Hata kisa cha Dan kisomwe kwa tahadhari, kwa kuwa ni kundi dogo na la watu wa namna ya pekee. Kilichobaki imara ni kile kinyaa kinachoamshwa na jambo lenyewe tunalolihukumu. Hicho kipo, na kina nguvu. Swali ni kama kinatupa haki ya kuhukumu.

Huenda walijua zaidi ya walivyosema

Hata wale wanafunzi walioishiwa maneno wana mtetezi. Mwaka 2015 Edward Royzman na wenzake walikirudia kisa cha Julie na Mark, lakini waliuliza swali ambalo halikuulizwa mwanzo: je, unaamini kweli kwamba hakuna atakayeumia? Wengi hawakuamini. Walikisikia kisa kikisema kila kitu kilikwenda salama, lakini uzoefu wao wa maisha uliwaambia mambo hayaendi hivyo. Kwa hiyo hawakuwa wameishiwa sababu. Sababu yao ilikuwa imepigwa marufuku na masharti ya kisa.

Nadhani wana hoja. Chukua dereva wa basi la abiria anayelipita lori kwenye kona ya mlima bila kuona mbele. Hakuna gari lililotokea upande wa pili, abiria wote wakafika salama, na wengine walikuwa wamelala wala hawakujua. Nikikuuliza nani ameumia, utasema hakuna. Lakini utamlaumu dereva, na utakuwa sahihi, kwa sababu alicheza na maisha ya watu. Bahati iliyomwokoa haimtakasi. Ndugu wawili wanaovuka mpaka ule wanauweka hatarini undugu wao na amani ya nyumba nzima, hata kama mara hii kisa kimeamua wapone.

Hisia ya haraka, basi, inaweza kuwa na hekima ndani yake. Mama aliyelea watoto 5 hujua homa ya hatari kabla ya kushika kipimajoto. Kutoweza kueleza si ushahidi kwamba huna sababu. Lakini tazama jinsi tulivyomtetea yule mwanafunzi. Hatukusema hisia yake inatosha. Tuliichimba tukakuta hatari chini yake, tukaitaja. Hukumu yake imesimama kwa sababu hiyo hatari inaweza kuonyeshwa.

Kengele inayolia hata bila moto

Kwa nini tusiiamini tu? Kwa sababu kinyaa kina kazi yake ya asili, na kazi hiyo inakifanya kikosee kwa makusudi. Kilikuwepo kutulinda na sumu na maradhi: mizoga, usaha, kinyesi, chakula kilichooza. Katika ulinzi wa aina hiyo, kukataa chakula kizuri mara kumi ni hasara ndogo, lakini kula kibovu mara moja kunaweza kuua. Mwili ulijifunza kulia mapema na kulia mara nyingi, na kutosikiliza maelezo.

Paul Rozin wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alilionyesha hilo kwa mende. Alichukua mende mfu aliyesafishwa kwa dawa asibaki na kijidudu hata kimoja, akamchovya kwenye glasi ya maji ya matunda, akamtoa. Watu waliona wazi kwamba hakuna madhara, na bado hawakuitaka glasi ile. Kwa kinyaa, kilichogusana na kichafu kimeshakuwa kichafu.

Hamisha kanuni hiyo kutoka kwenye glasi kwenda kwa binadamu, na utaona balaa lake. Mwenye ukoma alitengwa, chombo chake kikatengwa, na hata mtoto wake aliyekuwa mzima hakupata mchumba. Tangu miaka ya 1980 kuna mseto wa dawa zinazoponya ukoma, na mgonjwa anayeanza kuzitumia huacha kuambukiza baada ya muda mfupi. Wapo waliopona kabisa na bado hawapewi mkono, kwa sababu vidole vilivyoharibika vinaamsha kengele ile ile. Yule anayejivuta pembeni hajui kwamba anatenda dhuluma. Anachojua ni kwamba tumbo limekataa.

Virginia, usiku wa Julai 1958

Mtetezi mkubwa wa kinyaa katika zama zetu ni Leon Kass, daktari na mwanafalsafa wa Marekani. Mwaka 1997, dunia ikiwa imetoka kutangaziwa habari za kondoo Dolly aliyezalishwa kwa kunakili chembe ya mwingine huko Uskoti, Kass aliandika makala akitaka kunakili binadamu kupigwe marufuku. Alikiri kwamba kuchukizwa peke yake si hoja, na kwamba yapo yaliyowachukiza watu jana ambayo leo wanayakubali kwa utulivu. Hata hivyo alisema katika mambo mazito kinyaa ni sauti ya hekima ambayo akili haina uwezo wa kuieleza yote. Nani, aliuliza kwa maana hiyo, anahitaji hoja ili ajue kwamba kulala na binti yako au kula maiti ya mtu ni uovu?

Ni hoja nzito, na sitaki kuidharau. Lakini wacha tuipime kwa kesi moja, tena kutoka jimbo lile lile ambako Haidt aliwahoji wanafunzi wake.

Juni 1958 Richard Loving, fundi mwashi mweupe, alimwoa Mildred Jeter, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili wa Marekani. Ndoa ilifungwa Washington, kwa kuwa sheria ya Virginia iliikataza. Walirudi nyumbani, Kaunti ya Caroline. Usiku mmoja wa Julai mkuu wa polisi wa kaunti aliingia chumbani mwao na kuwamulika kitandani kwa tochi, akauliza huyu mwanamke ni nani kwako. Cheti cha ndoa kilikuwa ukutani. Kilikuwa ushahidi wa kosa.

Januari 1959 walihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, kisitumikiwe iwapo wataondoka Virginia na wasirudi pamoja kwa miaka 25. Miaka michache baadaye kesi iliporudi mbele yake, Jaji Leon Bazile aliandika kwamba Mungu aliweka rangi za watu katika mabara tofauti, na hilo linaonyesha hakutaka zichanganyike. Mwaka 1958 shirika la Gallup liliwauliza Wamarekani kuhusu ndoa za weupe na weusi. Waliozikubali walikuwa 4 kwa kila 100.

Waliozikataa hawakuwa wote katili. Wengi walikuwa waumini, wazazi, majirani wema. Ukiwauliza kwa nini, wangesema watoto watateseka. Ukiwajibu hilo, wangesema ni kinyume cha maumbile. Ukiwajibu na hilo, wangerudi kwenye kauli ya yule mwanafunzi: najua tu kwamba ni vibaya. Safari ile ile, hatua kwa hatua, hadi ukutani. Tofauti ni kwamba chini ya hisia ya mwanafunzi tulichimba tukakuta hatari. Chini ya hisia yao ukichimba unakuta ubaguzi, na ukiendelea kuchimba unaukuta tena.

Na waliohisi hawakuwa na njia ya kuigundua tofauti hiyo kwa kujihisi zaidi. Kinyaa chenye haki na kinyaa cha dhuluma vina ladha moja mdomoni. Hilo ndilo linaloiangusha hoja ya Kass. Hekima anayoisema huenda ipo, lakini haiji na alama inayoitofautisha na upumbavu uliovaa nguo zake. Mwanafalsafa Martha Nussbaum, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu kinyaa, aibu na sheria, ameonyesha kwamba mara nyingi makundi yaliyodhulumiwa yalipakwa uchafu: Wayahudi, watu wa tabaka la chini India, wanawake. 

Hasira husikiliza, kinyaa hakisikilizi

Mtu atauliza: basi tusihisi chochote? La. Hisia zina tabia tofauti. Mwaka 2011 Pascale Russell na Roger Giner-Sorolla wa Uingereza walionyesha kwamba hasira ya kimaadili hujali nia ya mtendaji, ilhali kinyaa hakijali. Yeyote aliyewahi kugombana analijua hilo. Aliyekukanyaga akisema samahani, sikukuona, hasira inashuka. Hasira ilikuwa na swali, nalo limejibiwa. Kinyaa hakina swali. Hakisemi umefanya nini. Kinasema wewe ni nini. Ndiyo maana hasira inaweza kuisha kwa fidia au msamaha, lakini kinyaa hutaka mtu aondolewe machoni.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa. Kinyaa kina haki ya kugonga mlango, hakina haki ya kukaa kwenye kiti cha hukumu. Kikigonga, fungua, uliza umeleta habari gani. Nani anaumizwa, au nani anawekwa hatarini? Nani hakuridhia? Ahadi gani imevunjwa? Kikijibu hata moja kati ya hayo, hukumu sasa ina mguu wa kusimamia, na mguu huo ni jibu, si kichefuchefu. Kubaka, kumnyanyasa mtoto na kuiba dawa za wagonjwa vinachukiza, lakini tungeweza kuvihukumu hata kama tumbo lisingesema kitu. Kikikosa jibu, chunguza zaidi, kwa subira, kwa sababu huenda hatari ipo na bado hujaipata. Lakini wakati unachunguza, usimfukuze mtu, usimvunjie ndoa, usimfunge.

Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta sheria ya Virginia tarehe 12 Juni 1967, majaji wote 9 kwa sauti moja. Gallup walipouliza swali lile lile mwaka 2021, waliokubali ndoa hizo walikuwa 94 kwa kila 100. Ndoa hizo zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni matumbo ya watu, na Richard na Mildred walikwishalipa kwa miaka 9 ya kuhukumiwa nayo.

Utakapokaa tena kwenye kikao, na mzee anayeheshimiwa akasema jambo hili haliwezekani, linatia kinyaa tu, usimbishie hisia yake. Mwombe kwa adabu sentensi inayofuata. Asipokuwa nayo, msihukumu siku hiyo.